Swali la Mbeba Saruji

Mashine ya kusoma alama za vidole ilipoletwa kwenye ghala la vifaa vya ujenzi nilikokuwa afisa utumishi, jijini Dar es Salaam, nilipewa siku tisa za kuwaeleza wafanyakazi 64 kwamba daftari la mahudhurio linastaafu. Nikatengeneza slaidi kumi na moja. Ya mwisho niliipa kichwa "Maswali Yaulizwayo Mara kwa Mara", ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza chochote. Yote niliyatunga mwenyewe nikiwa mezani, na la kwanza lilisema: "Je, mfumo huu utaongezaje ufanisi?"

Mwenzangu wa uhasibu aliisoma akacheka. "Dada, hayo ni maswali ya bosi. Nenda getini."

Kwa siku mbili nilishinda getini watu wakiingia na kantini wakati wa chakula, nikiuliza jambo moja: ukisikia mashine ya vidole inakuja, kinachokusumbua ni nini? Niliandika walivyosema, bila kunyoosha lugha. Nilikusanya maswali 31, lakini nilipoyapanga yakaangukia mafungu sita tu, na manne kati ya hayo yalihusu pesa.

Lililonikalisha chini lilitoka kwa mzee anayebeba saruji. Aliukunjua mkono wake mbele yangu: ncha za vidole zimepauka, laini, mistari haionekani. "Mwanangu, mimi hii imeshalika. Isiponisoma, nitaandikwa sikuja?"

Nikaipekua sera, kurasa nne zilizokwisha kusainiwa. Hakuna hata sentensi moja iliyomhusu. Ningeweza kuandika kwenye slaidi "Usiwe na wasiwasi, utasaidiwa", lakini ahadi hiyo ingekuwa yangu mimi, si ya kampuni, na mwisho wa mwezi mhasibu angekata siku kama sera inavyomwelekeza. Slaidi haina uwezo wa kujibu kile ambacho sera imekinyamazia. Nikarudi kwa meneja na mkono wa yule mzee ukiwa kichwani, tukaongeza kifungu: asiyesomwa mara tatu atatumia kadi, na kama kadi nayo imegoma, mlinzi ataandika muda wake kwenye fomu na wote wawili watasaini. Baada ya hapo tu ndipo jibu likapanda kwenye slaidi.

Nyingine nilizifuta, nikaanza upya na hiyo moja ya maswali sita. Kila swali liko kwenye mdomo wa mfanyakazi: "Nikichelewa kwa sababu ya foleni, nitakatwa?" Kila jibu linaanza na Ndiyo, Hapana au namba, kisha mistari miwili, basi. Ya pesa yalitangulia, kwa sababu anayesubiri kusikia habari ya mshahara wake hasikii kingine.

La saa za ziada nililiandika kwa mfano. Kwetu kazi inaanza saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, ukitoa saa moja ya chakula zinabaki saa 9, ambazo kwa siku tano zinafika 45, kikomo cha wiki kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwenye mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi analipwa karibu shilingi 2,000 kwa saa. Akibaki hadi saa 12 kwa makubaliano na msimamizi, ile saa moja ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Hiyo 3,000 ilieleweka kuliko aya nzima ya sheria.

Swali moja halikuwa na jibu: alama za anayeacha kazi zinafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haichukulii taarifa za namna hiyo kama mchezo, na meneja alikuwa bado anajadiliana na waliotuuzia mashine. Niliandika: "Bado hatujaamua. Jibu litabandikwa kantini Ijumaa ijayo." Nilitegemea miguno, ila ni swali hilo lililowafanya waamini yale matano mengine.

Kwenye kikao watu waliuliza maswali mawili tu, na siku mbili zilizofuata nilikuwa nikitazama mlango wa msimamizi. Watu wakimiminika huko baada ya kikao kimya, ujue slaidi imejibu maswali yasiyo yao. Walikwenda watatu. Nakala niliyobandika karibu na orodha ya vyakula ilikuwa na alama za mafuta ya chapati kwenye swali la saa za ziada, vidole vilipokuwa vikifuata mstari.

Siku ya kwanza mashine ilimkataa mzee wa saruji mara tatu. Akatoa kadi mfukoni, akapita, kisha akageuka.

"Na nikiisahau nyumbani?"

Nikachukua kalamu, nikaenda kantini kuongeza la saba.