Ukingo, Ridhaa na Kapu Moja

Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwamba mwekezaji asiitazame faida peke yake. Aitazame pamoja na kuyumba kwake. Hesabu yake huchuja makapu yote ya uwekezaji na kubakiza yale yasiyo na mwenzao anayeyashinda. Yaliyobaki bado ni mengi, na hesabu haikuambii lipi ni lako. Hapo lazima uingie wewe mwenyewe na woga wako.

Tuchukue namba za mfano. Kuna mfuko wa hatifungani unaotarajiwa kuleta asilimia 8 kwa mwaka, na mfuko wa hisa unaotarajiwa kuleta asilimia 14. Kuyumba tunakupima kwa mkengeuko sanifu, yaani kadiri faida inavyozoea kupotoka kutoka kwenye wastani wake: 10 kwa hatifungani, 20 kwa hisa. Tuseme pia kwamba mmoja ukipanda au ukishuka, hautuambii lolote kuhusu mwenzake.

Chora sasa mchoro, hatari ikiwa kwenye mstari wa chini na faida kwenye mstari wa wima. Anza na hatifungani tupu, kisha tia hisa kidogo kidogo. Hatari haipandi, inashuka kwanza, maana mifuko hii haianguki kwa pamoja. Hisa zikifika asilimia 20 ya kapu, mkengeuko umekuwa karibu 8.9, chini ya mfuko wowote ukiwa peke yake, na faida imefika 9.2. Kuanzia hapo hadi kapu la hisa tupu, kila nyongeza ya faida inalipiwa kwa hatari. Kipande hicho kilichopinda ndicho ukingo.

Upande wa mwekezaji tunahitaji kipimo cha ridhaa. Kinachotumika sana ni hiki:

U = E − (A/2) × σ²

E ni faida tarajiwa, σ ni mkengeuko, na A ni namba ya woga wake. Jibu linalotoka ni faida ya uhakika ambayo angeikubali badala ya kapu hilo. Makapu yote yenye U moja yanampendeza sawasawa, na ukiyaunganisha kwenye mchoro unapata mstari wa ridhaa sawa. Mstari huo hupanda ukizidi kuwa mkali, kwa sababu kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo anavyodai fidia nono zaidi kabla ya kuongeza nyingine. Kila mtu ana mistari mingi ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine, na wa juu ndio anaoutamani.

Mwekezaji wa kwanza ana A ya 3. Akiweka zote kwenye hisa, anapata 0.14 − 1.5 × 0.04, yaani asilimia 8. Akiweka hisa asilimia 20 tu, anapata 0.092 − 1.5 × 0.008, nayo ni asilimia 8 ileile. Makapu mawili yasiyofanana kabisa, ridhaa moja! Mstari wake wa asilimia 8 unaukata ukingo mahali pawili, na kipande cha ukingo kilichobaki katikati kiko juu ya mstari huo. Maana yake kuna kapu bora zaidi. Upandishe mstari, na zile sehemu mbili zinasogeleana mpaka zinakuwa moja: hisa asilimia 60, faida 11.6, mkengeuko karibu 12.6, ridhaa 9.2. Ukiupandisha zaidi, haugusi chochote kinachopatikana sokoni.

Kwenye mguso huo mielekeo miwili inalingana. Kwa kila nyongeza ya asilimia moja ya mkengeuko, soko linalipa faida ya takriban 0.38, na yeye anadai 0.38 hiyohiyo. Kwenye hisa tupu soko linalipa 0.3 ilhali yeye anadai 0.6, ndiyo maana hakai huko. Mwenzake mwoga, mwenye A ya 12, anagusa ukingo uleule kwenye hisa asilimia 30.

Udhaifu uko kwenye 14 ile. Mkengeuko ukiwa 20, hata rekodi ya miaka 25 inaacha shaka ya kama asilimia 4 juu au chini ya wastani. Mwekezaji wetu wa kwanza akidhani hisa zinaleta 12 tu, atachagua hisa kama asilimia 47 badala ya 60. Pengo linatisha, lakini hasara yake ni ndogo ajabu: ikiwa ukweli ni 14, ridhaa yake inapungua kwa 0.13 tu, yaani kama shilingi 1,300 kwa mwaka katika milioni moja. Karibu na mguso, mstari na ukingo vinaenda bega kwa bega kabla ya kuachana, hivyo kukosea kidogo hakuumi.

Mguso wenyewe unaweza pia kukosekana. Mtu jasiri mwenye A ya 1 angetaka hisa asilimia 140. Asipokopa, anakwama kwenye hisa tupu, mwisho wa ukingo, na mstari wake unaupita bila kulingana nao.