Kwa nini skrini mbili hutofautiana rangi, na jinsi ya kuzilinganisha

MBUNIFU anayetayarisha kadi za harusi, mabango au picha za studio huwa na skrini mbili au tatu mezani pake. Picha ya bibi harusi ikiwa kwenye skrini ya kulia, uso wake una weusi mtamu wa kahawia. Ikisukumwa hadi ya kushoto, uso huo huo unageuka kuwa na umanjano kama wa mgonjwa. Sasa mbunifu huyo ashike lipi?

Akirekebisha rangi kwa kufuata skrini iliyopotoka, kadi 300 zitatoka mitamboni zikiwa na nyuso nyekundu kupita kiasi. Mteja atazikataa, na gharama ya karatasi na wino itabaki kwa mwenye duka.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kununua skrini za aina moja. Kweli hilo husaidia, lakini hata skrini mbili za muundo mmoja zilizotoka kiwandani kwa miezi tofauti huweza kutofautiana. Habari njema ni kuwa tofauti kubwa huondolewa kwa vitufe vilivyo kwenye skrini zenyewe, mradi kazi ifanywe kwa mpangilio.

Tofauti hutoka wapi?

Skrini ya kisasa ya kawaida haina rangi yake yenyewe. Nyuma yake mna taa ndogo za LED zinazotoa mwanga mweupe, na mbele yake mna vichujio vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Weupe tunaouona ni mchanganyiko wa mwanga wa rangi hizo tatu.

Taa za nyuma hazifanani. Nyingine hutoa weupe wenye ubuluu, nyingine weupe wenye umanjano. Aidha, taa hupungua nguvu kadiri miaka inavyosonga, na skrini kuukuu mara nyingi huelekea umanjano.

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa kandela kwa kila mita mraba. Skrini mpya hutoka dukani ikiwa imewekwa kandela 250 hadi 350, ili ipendeze chini ya taa kali za duka. Kwa kazi inayokwenda kuchapishwa, katika chumba chenye mwanga wa wastani, kandela 120 hivi zinatosha. Anayefanya kazi kwenye skrini kali kupita kiasi huzipunguza picha mwangaza pasipo kujua, kisha hushangaa zikichapishwa kuwa nyeusi.

Matayarisho

Washa skrini zote na uziache kwa nusu saa kabla ya kugusa lolote, kwa kuwa mwangaza na rangi hubadilika taa zinapokuwa bado hazijapata joto.

Kisha ondoa kila kitu kinachobadilisha mwanga chenyewe. Kwenye menyu ya kila skrini, zima hali ya kubana umeme na ile ya kubadilisha mwangaza kulingana na picha. Kwenye mfumo wa Windows, zima `Night light` na `HDR`. Kwenye kipakatalishi, zima kipengele kinachopandisha na kushusha mwangaza kulingana na mwanga wa chumbani.

Funga pazia ikiwa jua linapiga skrini moja na kuiacha nyingine. Mwisho, zielekeze skrini zote usoni pako, zile za kando zikiinama kukukabili. Skrini za aina ya TN hubadilika rangi mtazamaji akisogeza kichwa tu, na za VA hufifia zikitazamwa kwa upande. Za aina ya IPS ndizo zinazovumilia zaidi.

Kanuni moja: asiyeweza ndiye kiongozi

Kazi yote inayofuata inategemea kanuni moja. Skrini isiyoweza kubadilika ndiyo inayofuatwa na nyingine. Kwa mwangaza, kiongozi ni ile hafifu kuliko zote, kwa sababu yenye nguvu inaweza kushushwa lakini hafifu haiwezi kupandishwa kupita uwezo wake. Kwa rangi, kiongozi ni ile isiyo na vidhibiti vya rangi.

Tuchukue mfano wa meza yenye skrini tatu. Kushoto kuna skrini kuukuu ambayo mwangaza wake wa juu kabisa ni kandela 160. Katikati kuna kipakatalishi kinachofika kandela 250. Kulia kuna skrini mpya yenye kandela 350.

Kwa mwangaza, ile kuukuu ndiyo kiongozi. Hata hivyo, si vyema kuiendesha hadi ukomo wake, basi tunachagua kandela 120 kwa zote. Ile kuukuu itafika hapo kidhibiti cha mwangaza kikiwa karibu 75 kati ya 100. Mpya itahitaji kushushwa hadi thuluthi moja hivi, na kipakatalishi kitawekwa karibu nusu kwa kutumia vitufe vyake.

Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia simu. Simu nyingi za Android zina kihisio cha mwanga upande wa mbele, na kuna programu zinazoonyesha kipimo chake. Fungua ukurasa mweupe mtupu, weka simu ikitazamana na katikati ya skrini kwa umbali ule ule kila mara, na usome namba. Namba yenyewe huenda isiwe sahihi, lakini hilo si kitu. Tunachotaka ni skrini zote tatu zitoe namba moja.

Kulinganisha weupe

Mwangaza ukishalingana, sasa fungua ukurasa mweupe kwenye skrini zote kwa pamoja. Tofauti za rangi zitajitokeza wazi. Katika mfano wetu, kushoto kuna umanjano na kulia kuna ubuluu. Kipakatalishi cha katikati hakina vidhibiti vya rangi, kwa hivyo ndicho kiongozi.

Ingia kwenye menyu ya skrini ya kulia, tafuta sehemu ya rangi, na uchague `User`. Hapo utapata vidhibiti vitatu vya nyekundu, kijani na buluu, ambavyo kwa kawaida huwa kwenye 100. Shusha buluu hatua mbili mbili huku ukitazama. Tuseme weupe unalingana buluu ikifika 90.

Skrini ya kushoto ni tatizo la aina nyingine. Inahitaji buluu zaidi, ilhali buluu tayari iko kwenye 100. Dawa ni kupunguza zile mbili nyingine: nyekundu hadi 95 na kijani hadi 96.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu baada ya kupata rangi hugundua kwamba mwangaza umeharibika tena. Sababu ni kuwa rangi hizi tatu hazichangii mwangaza kwa kiasi sawa. Kwenye skrini inayofuata kiwango cha kawaida cha sRGB, kijani hutoa takriban asilimia 72 ya mwangaza wa weupe, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 pekee.

Ndiyo maana kushusha buluu kwenye skrini ya kulia kutapunguza mwangaza kwa kandela mbili hivi, jambo lisiloonekana. Lakini kushusha kijani na nyekundu kwenye skrini ya kushoto kutaushusha kutoka kandela 120 hadi karibu 110. Kidhibiti cha mwangaza kitapandishwa kutoka 75 hadi 82 ili kufidia. Laiti tungeanza na kandela 160, nafasi hiyo ya kufidia isingekuwepo.

Ikiwa weupe umelingana lakini rangi ya kijivu bado inatofautiana, tatizo ni gama, yaani jinsi skrini inavyopanda kutoka weusi kwenda weupe. Weka 2.2 kwenye menyu za skrini zote. Kwa kipakatalishi kinachotumia Windows, andika amri hii kwenye sehemu ya kutafuta na ufuate maelekezo:

```
dccw
```

Fanya marekebisho kwenye menyu za skrini kwanza, kisha ndipo uje kwenye kompyuta. Marekebisho ya kompyuta hupunguza idadi ya viwango 256 vya kila rangi, na yakizidi, anga laini kwenye picha huanza kuonyesha mistari.

Kipimo kinaposema sawa na jicho likakataa

Kuna kifaa kiitwacho kipimarangi, ambacho huwekwa juu ya skrini na kusoma rangi yake. Mwenye nacho huweka skrini zote kwenye weupe wa kelvini 6500, ambao ni karibu na mwanga wa mchana. Lakini anaweza kumaliza kazi, kifaa kikatoa namba zile zile kwa skrini zote, na bado akaona moja ina uwaridi na nyingine ina ukijani.

Si lazima kifaa kiwe kibovu. Taa za skrini mbili huweza kutoa miali iliyochanganywa kwa namna tofauti kabisa, ilhali hesabu inasema ni weupe mmoja. Hesabu hiyo imejengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 1931, kilichotokana na majaribio ya Wright na Guild yaliyohusisha watazamaji 17. Jicho lako si wastani wa macho yao. Isitoshe, kipimarangi kisichoelezwa aina ya taa kinayopima huweza kukosea.

Kwa hivyo, tumia kifaa kusawazisha skrini kuu na kulinganisha mwangaza. Weupe wa skrini nyingine uufananishe kwa macho. Usizikodolee muda mrefu, kwa kuwa jicho huzoea rangi upesi. Tazama sekunde chache, geukia ukuta wa kijivu au mweupe, kisha rudi.

Mipaka yake

Zipo tofauti ambazo vidhibiti hivi haviwezi kuziondoa. Skrini zenye upeo mpana wa rangi huonyesha nyekundu na kijani kali kuliko za kawaida, hata weupe ukiwa umelingana. Dawa ni kuchagua `sRGB` kwenye menyu yake. Skrini nyingi zikiwa katika hali hiyo hufunga vidhibiti vya rangi, na basi ile kanuni inarudi: hiyo ndiyo inakuwa kiongozi, nyingine ziifuate.

Kinyume chake, vipakatalishi vya bei nafuu huwa na upeo mwembamba, na nyekundu yake huelekea machungwa. Hakuna kidhibiti kinachoweza kuongeza rangi ambayo kichujio hakina. Skrini kama hiyo iachiwe barua pepe na orodha za faili.

Ukimaliza, fungua picha ya uso wa mtu unayemfahamu vyema, na uipitishe kwenye skrini zote. Ngozi hufichua haraka ukijani au uwaridi ambao ukurasa mweupe umeuficha. Andika namba za kila kidhibiti kwenye karatasi na uibandike nyuma ya skrini, kwani umeme ukikatika au mtu akibonyeza kitufe cha kurejesha hali ya kiwandani, huenda kazi yote ikafutika. Kisha chagua skrini moja ambayo kila uamuzi wa rangi utafanyiwa, hata kama zote tatu zinaonekana kufanana.