Benki Moja, Hesabu Nne: Ajansi za Beni na Butembo Zinahesabiwaje?

Mfanyabiashara wa Butembo anayetaka kujua benki yake ina ajansi ngapi katika eneo la Beni na Butembo hadi mpaka wa Kasindi atapata majibu mengi kuliko alivyotarajia. Ramani ya tovuti itasema moja, ukurasa wa anwani utasema lingine, ripoti ya mwaka la tatu, na daftari la biashara la serikali, RCCM, la nne. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila hesabu imejibu swali lake.

Tuchukue benki ya mfano, isiyo na jina. Ramani yake ina vituo 9 katika eneo la Beni na Butembo. Ukurasa wa anwani unataja 6. Ripoti ya mwaka inataja 5, na RCCM ina mafaili 2. Kosa la kwanza la wengi ni kuchagua namba inayopendeza. Njia ya uhakika ni kuandika orodha yako, mahali pamoja mstari mmoja, kisha kuuliza kila mstari umeingia wapi na umeachwa wapi.

Anza na ramani. Vituo viwili vya katikati ya Butembo vina majina tofauti, lakini simu ni ile ile na saa za kazi ni zile zile. Hii ni ajansi moja iliyoandikwa mara mbili, kwa jina la zamani na jina jipya. Jambo hili hutokea sana benki zinapoungana, kama BCDC, iliyoanzishwa 1909, ilivyoungana na Equity Bank Congo mwishoni mwa 2020. Sasa vimebaki vituo 8. Vingine viwili ni maduka ya mawakala: unaweka na kutoa pesa, ila hufungui faili la mkopo. Ukiwaondoa, unapata 6, sawa na ukurasa wa anwani.

Hapa tahadhari inahitajika. Anwani za kwetu hutegemea barabara na alama kama soko au kanisa, na mitambo ya ramani isipoitambua barabara huweka alama katikati ya mji. Kwa hiyo ajansi mbili tofauti, moja Kimemi na nyingine Bulengera, zinaweza kukaa juu ya nukta moja. Nukta kulingana si ushahidi wa kufuta mstari. Tazama namba ya akaunti: kwa kawaida ina tarakimu 23, tano za kwanza zikiwa za benki na tano zinazofuata za ajansi au gishe lililofungua akaunti. Misimbo miwili tofauti ni dalili nzuri kwamba mbele yako kuna ajansi mbili.

Jina la Beni nalo hupotosha. Kuna mji wa Beni, na kuna teritware ya Beni yenye makao yake Oicha, ambayo ndani yake mna Kasindi. Katika mfano wetu, "Beni 3" ya ukurasa wa anwani ni gishe la Kasindi, karibu na forodha, linalotegemea ajansi ya mjini. Ripoti ya mwaka imelihesabu pamoja na mama yake. Sita toa moja, tano: mbili Butembo, mbili Beni mjini, moja Oicha.

Yabaki mafaili 2 ya RCCM. Chini ya sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia 2012, kampuni inayofungua tawi katika eneo la mahakama nyingine huandikisha tawi hilo huko ndani ya mwezi mmoja. Daftari linahesabu maandikisho, nalo faili moja laweza kubeba zaidi ya mlango mmoja. Halikuwekwa ili kumwongoza mteja.

Tarehe ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Ripoti inayoishia tarehe 31 Desemba 2024, hata ikitoka miezi baadaye, ina haki ya kuzihesabu ajansi za Goma, na katika daftari haziondoki kwa sababu tu mlango umefungwa. Anayejumlisha Kivu Kaskazini nzima ataona pengo ambalo Beni na Butembo hazihusiki nalo. Kwa hiyo orodha iwe na safu mbili, iliyoandikishwa na iliyo wazi, kila moja na tarehe yake. Kwa safu ya pili, piga simu au mtume mtu aliye karibu, kwa kuwa tovuti huchelewa kufuta.

Jibu la haki kwa mfanyabiashara wetu basi halitakuwa namba moja. Ni ajansi 5, gishe 1 na mawakala 2, pamoja na siku ambayo kila mlango ulithibitishwa kuwa wazi. Anayekwenda kuomba mkopo atahesabu tano. Anayetaka tu kutoa pesa kabla ya kuvuka Kasindi atahesabu nane.