Ankara ya Siku Sitini: Uiuze Leo au Ungoje?

Kila anayeishi kwa kazi za kujitegemea anaijua hali hii. Kazi umeikamilisha, mteja ameridhika, ankara, au invoisi kama wengi wanavyoiita, imepokelewa. Kisha unaambiwa kampuni hulipa baada ya siku 60. Mwenye nyumba hana siku 60, na bili ya intaneti ni ya mwezi huu. Ndipo unapokutana na tangazo linalosema: tupe ankara yako, tukupe pesa ndani ya saa 24.

Huduma hiyo si utapeli, na haikuanza jana. Mfadhili anakupa sehemu ya thamani ya ankara sasa, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 90, na kiasi kinachobaki anakishikilia. Mteja akilipa, mfadhili anakata ada yake na kukurudishia salio. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inatambua kwamba deni unalodai linaweza kuwekwa rehani au kuuzwa, na haki hiyo ikasajiliwa. Kwa hiyo ankara ni mali kama ilivyo pikipiki, na kama pikipiki, huwezi kuiuzia watu wawili.

Swali ni bei yake, kwa sababu bei inayoandikwa kwenye tangazo siyo unayolipa.

Tuchukue mpiga picha wa Nairobi aliyefanya kazi ya shilingi 120,000 kwa kampuni kubwa. Mfadhili anampa masharti haya ya mfano, ambayo si mageni sokoni: atapata asilimia 80 mara moja, ada ni asilimia 3 ya ankara kwa kila siku 30 au sehemu yake, na ada ya kushughulikia maombi ni shilingi 2,000. Akisikia “asilimia tatu”, anaona ni bei nafuu kuliko mikopo ya simu.

Asilimia 80 ya 120,000 ni 96,000. Ukitoa ile 2,000, mkononi anapata 94,000. Ada ya mwezi ni 3,600, na kwa miezi miwili inakuwa 7,200. Jumla ya gharama ni 9,200. Angalia ada inahesabiwa juu ya nini: ni juu ya 120,000 yote, ingawa pesa alizopewa ni 94,000. Kwa hiyo amelipa karibu asilimia 10 ya pesa aliyoishika, kwa miezi miwili tu. Ukiikuza gharama hiyo kwa mwaka mzima, ni karibu asilimia 59.

Yeye alitarajia kwamba siku ya 60 angepata salio la 24,000, ukitoa ada ya 7,200, yaani 16,800. Zinaingia 10,800. Zile 6,000 zimekwenda wapi? Nchini Kenya, kampuni inayomlipa mtaalamu mkaazi ada ya huduma ya kuanzia 24,000 kwa mwezi hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha KRA. Ankara ya 120,000 haileti 120,000, inaleta 114,000. Kodi hiyo haijapotea, kwa kuwa utaidai kwenye hesabu zako za mwaka ukiwa na cheti chake. Lakini mfadhili amechukua chake chote kwanza, na upungufu umeangukia salio lako. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza: ada inahesabiwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ankara, au kwa kiasi kitakacholipwa?

Sasa weka jambo moja la kawaida: mteja anachelewa. Siku ya 61 mwezi wa tatu umeanza, na kwa maneno yale “au sehemu yake”, mwezi mzima unatozwa. Akilipa siku ya 75, ada inaongezeka kwa 3,600 na gharama yote inafika 12,800. Kuchelewa ni kwa mteja, lakini anayelipishwa ni mpiga picha.

Na asipolipa kabisa? Hapo ndipo mkataba unapaswa kusomwa kwa kituo. Katika aina moja, mfadhili anabeba hatari ya mteja kushindwa kulipa. Katika aina nyingine, ambayo ndiyo wafanyakazi huru hupewa mara nyingi zaidi kwa kuwa ni nafuu, siku fulani zikipita, mara nyingi 90, mfadhili anarudi kwako na kudai pesa aliyokupa pamoja na ada. Aina hii hukuuzia muda peke yake, na hatari inabaki yako. Hata katika aina ya kwanza, mteja akisema kazi ilikuwa mbovu, mara nyingi mfadhili hujitoa, kwa maana hatari aliyoikubali ni ya mteja kufilisika, si ya ugomvi wenu.

Jambo lingine ni kwamba mfadhili anamwangalia mteja wako zaidi ya anavyokuangalia wewe. Ankara ya benki au kampuni inayojulikana inapokelewa. Ya duka la rafiki au mteja wa ng’ambo asiyejulikana inakataliwa. Pia mara nyingi atapiga simu kitengo cha uhasibu kuthibitisha ankara, na ataagiza malipo yapite kwenye akaunti yake. Fikiria iwapo uko tayari mteja wako ajue kwamba umeuza deni lake.

Tuseme mpiga picha wetu hahitaji 94,000. Anahitaji 30,000 za kodi na bili hadi malipo yaingie. Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi: kupima mkopo kwa ukubwa wa ankara badala ya ukubwa wa pengo. Akiwa na SACCO inayotoza asilimia moja kwa mwezi, kama zilivyo nyingi, mkopo wa 30,000 kwa miezi miwili unamgharimu riba isiyozidi 600. Akitumia M-Shwari, ambayo hutoza asilimia 7.5 kwa siku 30 kabla ya ushuru, na kuongeza mwezi wa pili, analipa 4,500 na ushuru wake. Hata mkopo huo wa simu, tunaouona ghali, una gharama ndogo kuliko kuuza ankara nzima, kwa sababu ameazima anachohitaji tu. Fuliza nayo si ya siku 60: inatoza ada ya kila siku juu ya asilimia moja ya kuanzia, na pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa inachukuliwa kwanza. Inafaa kufikisha wiki, haifai kufikisha robo mwaka.

Kuna njia ambayo wengi hawaijaribu kwa aibu: kumuuliza mteja mwenyewe. Mpiga picha angeweza kumwambia mhasibu kwamba akilipa ndani ya siku 10, atapunguziwa asilimia 2. Hiyo ni 2,400. Kampuni yenye pesa benki inaweza kuona hiyo ni faida nzuri kwa siku 50, na yeye anaokoa karibu 7,000 ukilinganisha na mfadhili. Akikataliwa hajapoteza kitu.

Tena chunguza kama kuchelewa kumeanzia kwako. Tangu Januari mosi 2024, matumizi ya biashara nchini Kenya yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza kodi, isipokuwa yale yaliyosamehewa. Mhasibu akipokea karatasi ya kawaida uliyoichapa mwenyewe, anaiweka kando. Ankara isiyo na nambari ya LPO nayo inalala mezani. Siku 60 mara nyingi huhesabiwa tangu ankara sahihi ifike, si tangu ulipomaliza kazi. Wapo wanaolipa asilimia 10 kufupisha muda ambao wangeufupisha kwa kutuma upya ankara iliyokamilika.

Basi ni lini kuuza kunastahili? Mpiga picha wetu anapigiwa simu na hoteli ya Diani: kazi ya 150,000, lakini anahitaji 80,000 wiki hii kwa nauli, kukodi kamera na kumlipa msaidizi. Akitoa gharama zote, atabaki na 60,000. Kulipa 9,200 ili kupata 60,000 ni biashara. Hata hapo, hatua ya kwanza ni kuiomba hoteli malipo ya awali ya nusu ya bei. Hiyo ni 75,000 isiyo na riba, na pengo linabaki 5,000 tu. Hoteli ikikataa, na SACCO isipoweza kutoa ndani ya wiki, uza ankara bila kujilaumu.

Saa nayo ina uzito. Kuuza ankara ikiwa mpya na kuuza ikiwa imebakiza siku 15 si sawa. Zikibaki siku 15, bado utalipa ada ya mwezi mzima, 3,600, na ile 2,000 ya maombi: 5,600 kwa nusu mwezi. Kadiri malipo yanavyokaribia, ndivyo kila siku unayoinunua inavyokuwa ghali. Aliyevumilia siku 45 ana kila sababu ya kumalizia 15.

Kabla ya kuamua, chukua kalamu. Fungua ankara zako tatu au nne za mwisho kwa mteja huyo, uandike tarehe alipozipokea na tarehe pesa zilipoingia. Mkataba ukisema siku 60 lakini yeye hulipa siku ya 85, piga hesabu ya ada kwa miezi mitatu, si miwili. Kisha toa kodi ya zuio, jumlisha ada zote, uandike shilingi ngapi zitatoka. Pembeni yake andika kungoja kutakugharimu nini hasa: faini ya mwenye nyumba, kazi itakayopotea, riba ya mkopo mdogo wa kuziba pengo. Mkopeshaji akiwa wa kidijitali, hakikisha yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya chini ya kanuni za mwaka 2022.

Tarakimu ya kungoja ikiwa ndogo, ngoja, na umpigie mhasibu simu siku ya 55. Ikiwa kubwa, uza. Ikiwa huwezi kuandika chochote upande wa kungoja isipokuwa kwamba umechoka kusubiri, basi uchovu huo utakugharimu shilingi 9,200.