Neno moja linaloharakisha kunakili kwenye lugha ya C

Kunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta kwenda nyingine kunaonekana kazi nyepesi. Katika lugha ya C, mtu huandika hivi:

```c
void nakili(char *b, const char *a, int n) {
    for (int i = 0; i < n; i++)
        b[i] = a[i];
}
```

Hapa `a` na `b` ni vielekezi: kila kimoja kinashika anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu. Mzunguko unasoma baiti moja panapoelekezwa na `a`, unaiandika panapoelekezwa na `b`, kisha unasonga mbele hadi baiti zote `n` ziishe.

Prosesa nyingi za leo zinaweza kubeba baiti 16 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Basi kwa nini kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, isiubadilishe mzunguko huu moja kwa moja uwe wa mikupuo? Kinachoizuia ni kwamba haijui kama `a` na `b` vinaelekeza sehemu mbili tofauti, au sehemu zinazopandana.

Tuchukue neno KAHAWA, herufi sita zilizokaa kuanzia nafasi ya 0 hadi ya 5. Tunaita `nakili(m + 1, m, 6)`, yaani kunakili herufi hizo kwenda nafasi moja mbele. Mzunguko unaandika K kwenye nafasi ya 1 na kuifuta A iliyokuwapo. Zamu inayofuata inasoma nafasi ya 1, inakuta K, na kuiandika kwenye nafasi ya 2. Mwishowe tunabaki na KKKKKKK. Lakini kama herufi zote sita zingesomwa kwanza ndipo ziandikwe, tungepata KKAHAWA.

Huenda hakuna aliyezitaka hizo K saba, ila ndilo jibu sahihi la mzunguko ulivyoandikwa, na kompaila hairuhusiwi kulibadilisha. Neno `const` nalo halisaidii: linakataza kuandika kupitia `a`, lakini halizuii `b` kuandika mahali pale pale.

Kompaila kama GCC, ikiombwa kuongeza kasi, hujihami kwa kutengeneza mizunguko miwili, mmoja wa mikupuo na mwingine wa baiti moja moja. Programu inapokimbia, anwani zinalinganishwa kwanza ndipo mmoja wao uchaguliwe. Kwa data nyingi, ukaguzi huo hausikiki. Kwa vipande vidogo vinavyonakiliwa mara kwa mara, au kazi yenye vielekezi vingi vya kulinganishwa, gharama yake huanza kuonekana.

Toleo la C la mwaka 1999 lilileta dawa, neno `restrict`:

```c
void nakili(char *restrict b,
            const char *restrict a, int n)
```

Kwa neno hilo, mwandishi wa programu anaiahidi kompaila kwamba, ndani ya kazi hii, baiti zinazoandikwa kupitia `b` hazitaguswa kupitia `a`. Ukaguzi wa anwani hauhitajiki tena. Mara nyingi GCC huuondoa mzunguko wote na kuita `memcpy`, kazi ya maktaba ya C iliyonolewa kwa kunakili haraka.

Hata hivyo, kompaila haihakikishi ukweli wa ahadi hiyo. Ukiivunja, C haikudai jibu lolote mahususi. `memcpy` yenyewe ina sharti hilo hilo, na mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 walionja matokeo yake. Maktaba ya C ya Linux ilikuwa imepata `memcpy` mpya, ambayo kwenye baadhi ya prosesa ilinakili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sauti ya Flash ikaanza kukwaruza, kwa sababu Flash ilikuwa ikinakili sehemu zinazopandana kwa `memcpy`. Kosa lilikuwamo tangu zamani. Mpangilio wa awali wa kunakili ndio uliolificha.

Dalili mojawapo ya ahadi iliyovunjwa ni programu kutoa jibu moja ikijengwa kwa `-O0` na jibu jingine kwa `-O3`. Onyo la `-Wrestrict` la GCC hunasa makosa yaliyo wazi, na Valgrind huripoti `memcpy` iliyopewa sehemu zinazopandana. Mzunguko wako mwenyewe uliovunja ahadi, lakini, unaweza kuvipita vyote viwili.

Kwa hiyo andika `restrict` pale tu unapojua kila anayeiita kazi yako anampa nani anwani zipi. Ukiwa na shaka kwamba sehemu zinaweza kupandana, tumia `memmove`: imeandikwa kwa ajili ya hali hiyo, na KAHAWA itasogea ikiwa nzima.