Barua Inayoanzisha Saa

Mkandarasi wa barabara halipwi kwa sababu kazi yake inaonekana. Hulipwa kwa sababu mhandisi mshauri ameidhinisha hati ya malipo, na hati hiyo huombwa kwa barua ya ukurasa mmoja iliyowekwa juu ya rundo la vipimo.

Tuseme ni ombi la nne. Baada ya anwani huja «YAH: Maombi ya Hati ya Malipo Na. 4», kisha namba ya mkataba na tarehe ambayo kazi imepimwa hadi hapo. Thamani inayotajwa ni ya kazi yote tangu siku ya kwanza, si ya mwezi huu peke yake: shilingi milioni 400. Kutoka hapo huondolewa asilimia 10 ambayo mwajiri huishikilia kama dhamana ya ubora, yaani milioni 40, na milioni 60 za kurejesha malipo ya awali. Hubaki milioni 300. Hati tatu zilizotangulia ziliidhinisha jumla ya milioni 210, kwa hiyo kinachodaiwa sasa ni milioni 90, kabla ya kodi.

Hapo kwenye 210 ndipo wengi huteleza. Mkandarasi huandika alichokuwa ameomba, wakati mhandisi alishakipunguza, labda kwa sababu zege la kalavati halikufikia nguvu iliyotakiwa. Kinachoondolewa ni kilichoidhinishwa. Kama kalavati limerekebishwa, thamani yake huingizwa upya kwenye ile jumla ya juu, na barua iseme hivyo waziwazi, la sivyo mhandisi atadhani anadaiwa mara mbili.

Lakini kwangu mimi, kitu cha thamani kuliko vyote kwenye barua hiyo hakiandikwi na mkandarasi. Ni muhuri wa kupokelewa. Chini ya masharti ya FIDIC, kitabu chekundu cha 1999, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati na mwajiri ana siku 56 za kulipa, na zote mbili huhesabiwa tangu mhandisi alipopokea maombi pamoja na vielelezo vyake. Barua iliyopokelewa tarehe 3 Machi inapaswa kulipwa ifikapo 28 Aprili. Ikiwa karatasi za vipimo vilivyosainiwa na pande zote mbili hazikuambatishwa, zikaletwa tarehe 17, mwajiri ana hoja ya kuhesabu hadi 12 Mei. Ndiyo maana barua nzuri hutaja kila kiambatisho kwa jina na idadi ya kurasa. Anayegonga muhuri anakuwa amekiri kuvipokea vyote.

Siku 56 zikipita bila fedha, mkandarasi anastahili riba inayokokotolewa kila mwezi, pointi tatu za asilimia juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu, bila kutoa notisi kwanza. Mikataba mingi hubadili viwango na siku hizi katika masharti yake maalumu, hivyo asome hayo kabla hajaandika dai.