Krimu ya ganzi kabla ya sindano: kiasi gani, mapema kiasi gani, na wapi

Binti ya ndugu yangu ameolewa Isiolo, anakaa Chechelesi. Wiki iliyopita alinipigia simu akilalamika. "Ami, ile krimu ya ganzi ni pesa ya bure. Nimempaka mtoto, na bado amelia hadi jirani wakatoka nje."

Nikamuuliza alivyoipaka. Alifika kliniki, akamsugua mtoto mkononi kama anavyompaka mafuta, akaifuta baada ya dakika 10 jina lilipoitwa. Krimu haikuwa na kosa. Haikupewa muda.

Krimu inayojulikana zaidi, Emla, ina dawa 2 za ganzi, lidokaini na prilokaini. Ngozi ya mtu ni kama paa, imeumbwa kuzuia vitu visipite. Dawa hupenya polepole, nayo huhitaji saa 1 nzima ikiwa imefunikwa. Ukiisugua itandae, au ukiiacha wazi ikauke, haitafika chini.

Mtoto wa binti yetu ana miezi 18, uzani kilo 11, na sindano ilikuwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Basi tuifanye upya.

Kwanza ni mahali. Chanjo hiyo kwa kawaida huchomwa juu ya mkono wa kulia, na zile za mapajani huchomwa upande wa nje wa paja. Lakini usibahatishe: muulize muuguzi siku ya kabla, kisha weka alama kwa kalamu. Ganzi ya mkono wa kushoto haimfai anayechomwa wa kulia.

Pili ni kiasi. Mahali pamoja panatosha gramu 1 hivi. Kwa bomba la sirinji lisilo na sindano, mililita 1 ya krimu ni kama gramu 1. Kwa tyubu ya gramu 5, nusu yake ni kama gramu 2. Iweke kama kifungu kinene juu ya alama, usisugue. Funika kwa plasta ya plastiki angavu, ubane kingo zote, uandike saa juu yake. Kama kliniki ni saa 3 asubuhi, paka saa 2 kabla hamjatoka nyumbani. Foleni ikirefuka usihofu: kwa mtoto aliyetimiza mwaka na kupita kilo 10, inaweza kukaa hadi saa 4. Zamu ikifika, bandua na ufute yote. Ganzi hubaki saa 1 au 2 zaidi, kwa hivyo mchunge asijikune wala kujiunguza pale.

Ngozi ikigeuka nyeupe au nyekundu kidogo, hiyo ni kazi ya dawa na itapita. Usipake kwenye kidonda, wala karibu na macho. Mkae naye pia asibandue plastiki akaitia mdomoni.

Kwa watoto wachanga hesabu ni nyingine. Aliye chini ya miezi 3, jumla ya mwili wote isizidi gramu 1, na saa 1 tu, foleni iwe ndefu au fupi. Wa miezi 3 hadi 12 aliyepita kilo 5, jumla gramu 2. Mtoto akiwa na uzani mdogo kuliko umri wake, fuata kipimo cha kundi la chini. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 asipakwe bila daktari.

Sababu ni prilokaini. Ikizidi, hubadilisha damu isibebe hewa vizuri. Hatari hukua kwa mtoto wa chini ya mwaka anayetumia Septrini, ambayo wengi huku kwetu hupewa, na kwa mwenye upungufu wa G6PD wa kurithi. Hao wasipakwe kabla daktari hajakubali. Midomo, ulimi au kucha zikiwa za samawati au kijivu, hata saa kadhaa baadaye, bandua, futa, mkimbize hospitali.

Mipaka yake ni hii: hutia ganzi ngozi, si nyama ya ndani. Sindano ya pajani ikishapita ngozi, mtoto bado atahisi dawa ikisukumwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu ya chanjo mwaka 2015, halikuiweka krimu hii katika mipango ya kitaifa, kwa sababu ya bei, upatikanaji na muda. Lilipendekeza mtoto apakatwe, na anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano. Hilo halina gharama, na kwa mchanga wa wiki 6 ningeanza nalo.

Binti yetu amesema safari ijayo atapaka kabla ya kufunga mlango wa nyumba.